Je, nembo lazima ioneshe kila unachofanya?

"Nembo isiyo na picha za kazi yako na rangi za kutosha haieleweki."

Wasiwasi huo una msingi, kwani mteja mgeni anataka kujua unafanya nini. Ila hilo huelezwa na jina na maneno machache chini yake. Nembo yenyewe inatakiwa itambulike, hata ikiwa ndogo sana.

Chukua fundi nguo aliyechora cherehani, mkasi na uzi kwa rangi nne. Kwenye bango inapendeza. Kwenye muhuri wa sentimita 2, uzi unapotea na mkasi unakuwa doa. Akibakiza jina kwa herufi nene na kifungo kimoja chenye matundu mawili, inasomeka kote, tena kwa wino mmoja, ambao mara nyingi ni nafuu kuchapa.

Ijaribu yako: ichapishe kwa upana wa sentimita 2, nyeusi tupu, uishike mbali kiasi cha urefu wa mkono. Kisichoonekana, kiondoe. Kisha andika jina la fonti na msimbo wa rangi, mfano #1F4E79 kwa bluu iliyokolea, umpe kila mchapaji. Rangi ya kwenye simu hubadilika kidogo ikifika karatasini, kwa hiyo mpelekee pia sampuli iliyochapishwa.