Aspirini kwenye fizi? Acha kabisa
"Jino linaniua usiku huu, niweke aspirini hapo hapo kwenye fizi?"

Hapana. Aspirini ni asidi, ukiibana pale inaunguza fizi, asubuhi unaamka na kidonda cheupe na jino bado linauma vilevile, maana dawa inafanya kazi ikishamezwa ikaingia kwenye damu. Mtu mzima ameze ibuprofeni miligramu 400 akiwa amekula kitu, pamoja na parasetamoli vidonge 2 vya 500, ila kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu au ujauzito, ibuprofeni achana nayo. Halafu inua kichwa kwa mito, ukilala flati damu inajaa kichwani na jino linapwita zaidi. Uvimbe ukienda jichoni au shingoni, au kumeza kukawa shida, hapo usisubiri asubuhi, kimbia emajensi.