Wasifu umekuja na makosa: ujumbe ninaomrudishia nao mratibu

Ninafanya utafiti wa kilimo cha mwani, Unguja, na kwa mwaka huitwa kuzungumza kwenye makongamano mawili matatu. Mara nyingi wasifu ninaotumiwa "kwa uhakiki" huwa na kasoro. Wa mwezi uliopita ulikuwa hivi (jina nimeliondoa):

"Dk. … ni mtaalamu bingwa wa majani bahari kutoka Dar es Salaam na ndiye mwanzilishi wa kilimo cha mwani Zanzibar. Ana uzoefu wa zaidi ya miaka 20 na amewakomboa wanawake wa Paje na Jambiani kutoka katika umaskini."

Nilicheka, kisha nikakaa kuusoma tena kwa kalamu. Mimi si daktari bado; tasnifu yangu ya uzamivu sijaitetea. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mwaka huo mimi nilikuwa nahesabu vijiti darasani. Kazi hii nimeianza 2013. Halafu hayo majani bahari. Kwa mtu wa mjini mwani na majani bahari ni kitu kimoja, vyote si vinaota baharini? Lakini majani bahari yana mizizi, yanatoa maua na mbegu. Mwani hauna hata kimoja kati ya hivyo. Tena wapo wahifadhi wanaoyalaumu mashamba ya mwani kwa kuyaharibu majani bahari, kwa hiyo kunitambulisha hivyo mbele yao ni kunikalisha upande nisiokuwa wangu.

Sasa, namna ya kusema hayo yote kwa mtu ambaye amekualika, amekulipia boti na kitanda, na ana wazungumzaji wengine thelathini wa kuwahangaikia.

Miaka ya nyuma niliwahi kukosea vibaya hapa. Waliniandika "Dk." vilevile, nami kwa aibu nikajibu: "Kama haitakuwa usumbufu, labda mngeangalia na hilo suala la cheo." Wakaangalia. Wakaona cheo kipo, kimeandikwa vizuri, wakakiacha. Nikatambulishwa ukumbini kama Daktari, na msimamizi wangu wa masomo amekaa mstari wa pili. Hakusema neno, ila aliniangalia.

Nilichojifunza pale ni mahali pa kuiweka adabu. Adabu yetu inapenda kukaa kwenye kitenzi: ningeomba, mngeweza, kama itawezekana. Kwa mratibu mwenye haraka, "kama itawezekana" maana yake ni "si lazima". Kwa hiyo siku hizi adabu yote naiweka kwenye salamu, kwenye shukrani na kwenye namna ya kulitaja kosa. Ombi lenyewe naliacha wazi: "naomba iondolewe". Hiyo -nge- naitunza kwa jambo ambalo hata wakilikataa sitaumia.

Na kulitaja kosa, Kiswahili kimeturahisishia. Ukiandika "mmeniandika Dk." umemnyooshea mtu kidole. Ukiandika "imeingia Dk." kosa limekuja lenyewe, kama mgeni asiyebisha hodi. Na ikiwa nawe umechangia, sema. Mimi nilikuwa nimemtumia dada wa watu maelezo ya kazi ya kurasa nne nilipoombwa wasifu mfupi. Alikuwa na haki ya kubahatisha.

Ujumbe niliotuma ni huu:

"Habari za kazi, dada. Ahsante kwa kuniandalia wasifu, najua mna watu wengi. Naomba huu ulio chini utumike badala ya ule wa Jumatatu: kwenye programu, kwenye bango na kwenye karatasi ya mshereheshaji. Urefu haujazidi, kwa hiyo hautaharibu mpangilio.

Mambo matatu ni ya ukweli, naomba yasibaki. Imeingia 'Dk.', bado nasoma, na chuo hakiruhusu kutumia cheo hicho kabla ya kuhitimu. Imeingia 'mwanzilishi', kilimo hiki kilianza 1989, mimi nimekikuta. Na 'majani bahari' naomba yawe 'mwani', maana ni viumbe viwili tofauti na mada yangu ni huo wa pili. Miaka ya kazi na makazi nimeshayarekebisha humo humo. Maelezo niliyowatumia mwanzo yalikuwa marefu, huenda ndiyo yaliyochanganya.

Moja ni ombi langu tu: ningefurahi sentensi ya 'amewakomboa' ikiondoka, kwa kuwa baadhi ya wakina mama hao watakuwepo ukumbini.

Ukurasa ukishapangwa, naomba unipigie picha niuone kabla haujaenda kiwandani. Nitajibu siku hiyo hiyo."

Chini yake wasifu wenyewe, safi:

"… ni mtafiti wa kilimo cha mwani na mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Tangu 2013 anashirikiana na wakulima wa Paje na Jambiani kuchunguza kwa nini mwani aina ya kotonii hufa maji yanapopata joto. Anaishi Unguja."

Angalia kwamba nimeandika "tangu 2013", sikuandika idadi ya miaka. Wasifu hunakiliwa kutoka kongamano hadi kongamano, na "miaka 12" ikishanakiliwa mara tatu inakuwa uongo. Nadhani hata ile 20 ilizaliwa hivyo, mtu alikadiria kwenda mbele.

Nimeubandika wasifu ndani ya baruapepe yenyewe, pamoja na faili la Word, wala sikutuma ile nakala iliyojaa mistari myekundu ya masahihisho. Zamani nilikuwa naituma hiyo, nikiona ndiyo uungwana, mtu aone nilichogusa. Lakini anayepanga programu mara nyingi si yule uliyeandikiana naye. Ni kijana wa michoro anayefungua faili usiku kwenye simu, na hapo maneno yaliyofutwa na yaliyoongezwa yamekaa bega kwa bega. Yeye anahitaji maandishi ya kunakili tu. Sababu ni za mratibu, nazo zimo kwenye ujumbe.

Na zisizidi sentensi moja moja. Kishawishi ni kueleza: nilitaka sana kumwandikia dada yule kuhusu aina mbili za mwani, spinosamu na kotonii, kwamba hiyo ya pili ndiyo yenye bei nzuri na ndiyo isiyovumilia joto, na kwa nini wakulima wengi wamerudi kwenye ile ya kwanza. Hayo ni ya jukwaani.

Kuhusu hiyo sentensi ya kukomboa, niliiweka kwenye maombi kwa kuwa si kosa la ukweli, ni maoni yao. Lakini ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Wanawake wale walikuwa wanafunga mbegu kwenye kamba kabla sijajua bamvua ni nini.

Jibu lilikuja baada ya saa mbili: "Sawa dada yangu, nimebadilisha yote, na ile ya mwisho nimeitoa." Kesho yake picha ya ukurasa ikafika, na kweli ilikuwa sawa. Bango nalo sawa. Asubuhi ya kongamano nikamfuata mshereheshaji kabla ya watu kukaa, nikamwomba nione karatasi yake.

Ilikuwa ile ya Jumatatu. Nilikuwa na nakala mkobani, nikampa. Akaikunja ya zamani, akasoma mpya kwa kunong'ona, akaniuliza kama kotonii ni jina la kijiji.

Nikamwambia ni mwani, na kwamba hutamkwa kama ilivyoandikwa.