Noti za korosho na madirisha mawili ya Benki Kuu

Mnunuzi wa korosho aliyeshinda mnada wa chama kikuu cha ushirika, TANECU au MAMCU, hulipa kupitia benki, na mkulima wa Tandahimba au Masasi huingiziwa fedha kwenye akaunti yake. Hadi hapo hakuna shilingi iliyotoka kwenye mfumo wa mabenki. Benki ya mnunuzi imepungukiwa, benki ya mkulima imeongezewa, na Benki Kuu imehamisha tarakimu tu kutoka akaunti moja kwenda nyingine kupitia TISS, mfumo wa malipo baina ya mabenki.

Mambo hubadilika mkulima anapopanga foleni kuchukua noti. Tawi la benki yake huzifuata noti hizo tawi la Benki Kuu hapa Mtwara, na akaunti ya benki hiyo Benki Kuu inakatwa kiasi kilekile. Sasa fedha iko mfukoni, kisha kwa mwenye duka, kisha kwa muuza bati. Mpaka irudi kaunta, hakuna benki inayoweza kuikopesha benki nyingine.

Tofauti hii, fedha iliyohama na fedha iliyotoka, naomba uishike, maana riba ya soko la mabenki huitikia kila moja kwa namna yake.

Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inaendesha sera ya fedha kwa kutumia riba inayoitwa Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huohuo ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Shabaha ni mikopo ya siku 7 baina ya mabenki: riba yake isiachane na Riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 2 za asilimia, juu au chini. Nitatumia ile 6 kwa sababu hesabu yake ni nyepesi, hivyo kingo ni 4 na 8. Ili utaratibu uonekane vizuri, tuchukue kwamba Benki Kuu ina dirisha la kuweka linalolipa 4 na dirisha la kukopa linalotoza 8, yote mawili kwa usiku mmoja.

Sema jioni benki ya kwanza imepungukiwa shilingi bilioni 10 baada ya wakulima kutoa noti, na benki ya pili ina ziada ya bilioni 10. Benki ya kwanza ikienda dirisha la kukopa, usiku mmoja utaigharimu bilioni 10 mara 0.08 gawanya kwa 365, yaani kama shilingi milioni 2.19. Benki ya pili ikiiweka ziada yake dirishani italipwa nusu ya hiyo, kama milioni 1.1. Bei yoyote katikati ya hizo mbili inawafaa wote wawili kuliko madirisha. Mkopaji hakubali kulipa zaidi ya 8, kwa kuwa dirisha lipo. Mwenye ziada naye hakubali chini ya 4, kwa sababu hiyohiyo. Dari na sakafu hutokana na hiari ya kila upande; Benki Kuu haihitaji kumkataza mtu bei.

Lakini hapo hatujaeleza kwa nini riba ikae karibu na 6 badala ya 7.5 au 4.3. Wengi huishia kwenye dari na sakafu, nami naona hapa ndipo penye uzito. Asubuhi mweka hazina wa benki hajui jioni atamaliza na upungufu au na ziada. Akiona nafasi ni nusu kwa nusu, shilingi moja ya akiba ina thamani kwake ya nusu ya 8 na nusu ya 4, jumla 6. Hiyo ndiyo bei atakayokubali kukopea au kukopeshea. Msimu wa korosho ukipamba moto na noti zikitoka kila siku, anaanza kuona kuna nafasi tatu kati ya nne kwamba atapungukiwa. Hesabu inakuwa 0.75 mara 8 ongeza 0.25 mara 4, yaani 7. Riba imepanda pointi nzima bila Benki Kuu kugusa kitu na bila benki yoyote kwenda dirishani.

Kwa hiyo madirisha huzuia riba isipite kingo tu. Kuirudisha katikati ni kazi ya kupima kila siku ukwasi, yaani fedha ambayo mabenki yanayo kwenye akaunti zao Benki Kuu: Benki Kuu inakadiria noti zitakazotoka, kodi zitakazoingia akaunti ya serikali na malipo ambayo serikali itafanya, kisha inajaza pengo. Ikitaka kuongeza fedha inatumia repo geuzi, yaani inazipa benki shilingi kwa siku kadhaa ikishikilia dhamana zao za serikali. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nao usisahaulike: shilingi zikiingia akaunti ya serikali iliyoko Benki Kuu, zimetoka mikononi mwa mabenki sawa na noti zilivyotoka. Upande wa pili, mnunuzi akileta dola na Benki Kuu ikazinunua, shilingi mpya zinaingia na pengo linapungua.

Dari nayo huweza kuvuja. Dirisha la kukopa linataka dhamana, na dhamana haithaminiwi kwa bei yake yote. Tuseme Benki Kuu inakata asilimia 10 ya thamani: kukopa bilioni 10 kutahitaji hatifungani au dhamana za muda mfupi zenye thamani ya bilioni 11.1. Benki ndogo ambayo dhamana zake zimeshawekwa rehani kwingine haina dari. Italipa 8.5 au 9 kwa benki inayokubali kuikopesha bila rehani, au itakosa kabisa, kwa sababu kila benki ina ukomo wa kiasi inachoweza kumkopesha mwenzake. Pia zipo benki zenye dhamana za kutosha zinazokwepa dirisha kwa kuogopa kuonekana zina shida, zikachagua kulipa ghali zaidi sokoni.

Riba ya wastani haitakuonyesha haya, kwa sababu mikopo mikubwa ya benki kubwa huifunika ile michache ya bei kali. Mimi huanza na matumizi ya madirisha yote mawili kwa siku moja. Dirisha la kukopa likitumika peke yake huku la kuweka likiwa tupu, fedha kwa jumla haitoshi, na dawa ni kuongeza ukwasi. Yakitumika yote mawili jioni ileile, moja bilioni 10 na jingine bilioni 10, fedha ipo ila haizunguki: wenye ziada wameona heri walipwe 4 na Benki Kuu kuliko kumkopesha jirani kwa 6. Hapo kumwaga ukwasi zaidi kutaongeza tu fedha dirisha la kuweka na kuivuta riba ya usiku mmoja chini, huku benki iliyokosa ikiendelea kukosa. Inayofaa ni kupanua aina za dhamana zinazopokelewa, na mabenki kukopeshana kwa rehani.

Ukwasi ukizidi kupita kiasi, riba hulalia sakafuni. Benki Kuu ya Ulaya ilipoanza Oktoba 2008 kuzipa benki fedha zote zilizoomba kwa riba moja iliyopangwa, riba ya usiku mmoja ilishuka ikakaribia ile ya dirisha la kuweka, na dirisha hilo ndilo likawa mwongozo halisi wa soko.

Kwetu Kusini mwelekeo huo huonekana kwa kiasi kidogo minada inapoisha. Noti za korosho zinarudi kupitia maduka na mawakala, matawi ya Masasi na Nachingwea yanazipeleka Benki Kuu, na akaunti za mabenki zinajaa. Ile nafasi ya kupungukiwa ikishuka kutoka tatu kati ya nne hadi moja kati ya nne, hesabu ileile inatoa 5. Hapo Benki Kuu hutumia repo ya kawaida: inaziuzia benki dhamana kwa siku chache na kuondoa shilingi zilizozidi.