Tegu hapandi kichwani

“Alikuwa mtu wa kitimoto sana, tegu akampanda kichwani, ndiyo maana anaanguka kifafa.” Maneno haya husikika vijiweni, misibani na hata redioni, na ugumu wake ni kwamba kila kipande chake kina ukweli. Nguruwe anahusika, tegu anahusika, na kifafa kinaweza kuwa kimetoka huko huko. Kilichokosewa ni njia. Na njia ikikosewa, familia huchunga sahani ya mgonjwa na kuacha choo na mikono vilevile, wakati hatari imekaa hapo.

Maana yenyewe ni fupi. Tegu ni mnyoo bapa anayeishi kwenye utumbo mwembamba wa binadamu. Hana mdomo wala tumbo. Hufyonza chakula kilichokwisha kusagwa kupitia ngozi yake. Kichwa chake, kidogo kama kichwa cha pini, hujibana ukutani mwa utumbo kwa vinyonyeo 4, na nyuma ya shingo huota pingili moja baada ya nyingine, kama muwa. Tegu wa ng'ombe hufikia mita 5 na kuzidi. Wa nguruwe ni mfupi kidogo, kwa kawaida kati ya mita 2 na 7, na kichwani ana ndoano juu ya vile vinyonyeo.

Jina lake la kitaalamu, tenia, limetoka kwa Wagiriki: ni utepe, ule wa kufungia nywele. Wafaransa humwita mnyoo mpweke, na jina hilo limefika mpaka Kongo, kwa sababu mara nyingi mtu hukutwa na mmoja tu. Majina yote mawili yanamwelezea vizuri. Ni utepe, na yuko peke yake utumboni. Hakuna hata moja linalomwita mnyoo wa ubongo, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kilichopo ndani ya nyama, na kinachoweza kukutwa kwenye ubongo, ni kitu kingine. Ni mtoto wa tegu, aliyejikunja ndani ya kifuko chenye maji, na jina lake la kitaalamu limeunganishwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: kibofu na mkia. Kwa muda mrefu watu walidhani kibofu hiki na yule utepe ni viumbe wawili wasiojuana. Ni katika miaka ya 1850 daktari mmoja Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alipompa mfungwa aliyehukumiwa kifo chakula chenye vifuko vya nguruwe bila yeye kujua. Baada ya mtu huyo kuuawa, matumbo yake yalipasuliwa na ndani wakakutwa tegu wachanga. Lilikuwa jambo la kikatili, lakini lilithibitisha kwamba kifuko cha kwenye nyama kikiliwa hugeuka kuwa utepe wa utumboni.

Hapo ndipo pa kutulia, kwa maana njia ni mbili tofauti.

Njia ya kwanza ni ya nyama. Mtu anakula nyama ya ng'ombe au nguruwe isiyoiva, yenye kifuko kilicho hai. Kichwa kinachomoza, kinajibana utumboni, na baada ya miezi 2 hadi 3 pingili zilizokomaa zinaanza kutoka na choo. Huyu ana tegu. Tegu wake atabaki utumboni, hatapanda popote.

Njia ya pili ni ya kinyesi, nayo ni ya tegu wa nguruwe peke yake. Pingili za mwenye tegu zimejaa mayai maelfu kwa maelfu, madogo yasiyoonekana kwa macho. Mayai hayo hufika mdomoni kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji, au kwa mboga za kachumbari zilizomwagiliwa maji machafu. Yakishamezwa huanguliwa, vijidudu hupenya ukuta wa utumbo, vikasafiri na damu na kutulia kwenye misuli, jicho au ubongo. Huko vinakuwa vifuko, kama vinavyokuwa ndani ya nguruwe aliyekula kinyesi. Kifuko cha ubongoni kinaweza kukaa kimya miaka kadhaa, kisha kinapoanza kufa mwili hukishambulia, na degedege linaanza. Tegu wa ng'ombe hafanyi hivyo kwa binadamu.

Kwa hiyo mtu ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote anaweza kupata vifuko ubongoni. Mfano unaojulikana sana katika tiba ni wa New York, ulioandikwa mwaka 1992. Wagonjwa 4 wa jamii ya Wayahudi wenye kushika dini, ambao nguruwe kwao ni haramu, walipata degedege na vipimo vikaonyesha vifuko kichwani. Madaktari walipofuatilia majumbani walikuta kwamba familia hizo ziliajiri wasaidizi wa kazi waliotoka Amerika ya Kilatini, kwenye maeneo yenye tegu wa nguruwe, na katika nyumba mojawapo msaidizi alikutwa na tegu mwilini. Msaidizi hakuwa na kosa. Mwenye tegu mara nyingi hajisikii mgonjwa hata kidogo. Na kati ya wagonjwa hao hakuna aliyekula nguruwe. Huku kwetu, utafiti uliofanyika Mbulu na Mbozi, Tanzania, wenye ufugaji mwingi wa nguruwe, umekuta vifuko vya ubongoni miongoni mwa watu wenye kifafa, na ni makosa kumuuliza kila mmoja wao alikula wapi kitimoto.

Sasa, tegu mwenyewe hujulikanaje? Maumivu ya tumbo, njaa ya ajabu au kukonda si dalili za kutegemea. Wengi hawana lolote. Kinachomtambulisha ni pingili. Ni kipande bapa, cheupe au cha rangi ya maziwa, kama tambi pana iliyopikwa iliyokatwa, urefu wa sentimita 1 hadi 2 na upana wa nusu sentimita hivi. Kikikauka hujikunja kama punje ya mchele. Pingili ya tegu wa ng'ombe ina nguvu: hutambaa yenyewe, hutoka hata mtu akiwa hajaenda chooni, na hukutwa kwenye chupi au shuka. Ya nguruwe ni pole, hutoka pamoja na choo, mara nyingi zikiwa zimeungana kadhaa. Usiichanganye na mnyoo uzi, ambaye ni mwembamba wa mviringo na huwasha usiku, wala na mnyoo mkubwa wa mviringo anayefanana na wa ardhini.

Ukiiona, ichukue kwa kijiti, si kwa vidole, uitie kwenye kichupa safi chenye maji kidogo uipeleke maabara siku hiyo hiyo. Hilo lina faida kuliko choo kitupu. Mayai hayatoki kila siku, hivyo kipimo kimoja cha choo kikisema hakuna kitu hakijamaliza shauri. Hutakiwa sampuli 3 za siku tofauti. Isitoshe, mayai ya tegu wa aina zote mbili yanafanana kabisa chini ya darubini. Pingili ndiyo inayosema ukweli: mtaalamu huibana kati ya vioo viwili na kuhesabu matawi ya mfuko wa mayai upande mmoja. Matawi yakiwa 15 au zaidi ni wa ng'ombe. Yakiwa 10 au pungufu ni wa nguruwe, na hapo nyumba nzima inapaswa kujulishwa.

Dawa. Kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400, kile cha “kutoa minyoo” kila baada ya miezi, si cha kutegemea kwa tegu. Mtu hukimeza, pingili hupotea kwa wiki kadhaa, kisha zinarudi. Dawa zinazotegemewa zaidi ni mbili. Niklosamidi kwa mtu mzima ni gramu 2 mara moja, vidonge vikitafunwa vizuri kabla ya kumezwa. Prazikuanteli ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Ni kidonge kile kile cha kichocho, na hapa watu hukosea vipimo: mtu wa kilo 60 mwenye tegu hahitaji zaidi ya miligramu 600, yaani kidonge kimoja, wakati kwa kichocho angepewa 4.

Kabla ya prazikuanteli au albendazoli, mhudumu lazima aulize swali moja: umewahi kuanguka degedege, au kuumwa kichwa kikali kisichoeleweka? Dawa hizi huingia mwilini hadi kwenye ubongo, na kama kuna vifuko vilivyolala huko, zinaweza kuviua kwa pamoja, ubongo ukavimba na degedege likaanza. Mwenye historia hiyo hapaswi kununua dawa dukani. Apelekwe hospitali yenye kipimo cha kichwa. Niklosamidi hainyonywi na mwili kiasi cha kufika huko, ndiyo maana hupendelewa panapokuwa na shaka.

Baada ya dawa usihangaike kutafuta kichwa cha tegu chooni. Mara nyingi huwa kimesagika. Subiri. Pingili zikirudi ndani ya miezi 3 au 4, kichwa kilibaki na dozi irudiwe. Katika siku za dawa kila choo kiende shimoni, na mikono inawiwe kwa sabuni, hasa kwa tegu wa nguruwe.

Kujikinga kwa upande wa nyama ni moto unaofika katikati. Kifuko hufa joto la ndani likifika nyuzi 60 hivi. Kwa vitendo, nyama isiwe nyekundu na maji yake yasiwe ya damu. Mshikaki mnene juu ya jiko kali huungua nje ukabaki mbichi ndani, basi ukate mwembamba au uchemshe kwanza. Moshi, limau na pilipili haviui. Kuweka kwenye friji ya kawaida hakusaidii. Kwenye friza ya nyuzi 10 chini ya sifuri, siku 10 zinatosha. Kwa upande wa kinyesi, kila mtu atumie choo, na nguruwe wafungiwe bandani.

Limebaki neno moja la buchani. Watu husema “nyama ina tegu”, na mnunuzi hupekua akitafuta utepe mrefu, asipouona, ananunua. Nyama haina tegu kamwe. Tafuta kifuko: kijipovu cheupe, angavu, ukubwa wa punje ya mchele hadi ya mahindi, chenye kidoa ndani, hasa kwenye ulimi, mashavu, moyo na bega. Ukimwuliza mwenye bucha, uliza kama nyama ina vifuko, na umwombe akuonyeshe mhuri wa mkaguzi.