Mota kubwa haifanyi gari liwe na nguvu: dhana potofu kuhusu kugeuza Volkswagen ya zamani iwe ya umeme

"Mota ya farasi 120 nimeshanunua, sasa nipangie tu betri za kuanzia." Wenye magari ya zamani wanaotaka kuhamia kwenye umeme husema hivi mara nyingi mno, na kila mara kazi inakuwa imeanzia mkiani. Mota imeshakula bajeti, hela iliyobaki inatosha betri chache, na mwenye gari anasubiri farasi 120. Hawatakuja.

Dhana: nguvu ya gari iko kwenye mota

Mota haina nguvu yake yenyewe. Inageuza kuwa mzunguko kile inacholetewa, basi. Mazoea ya petroli ndiyo yanayotupoteza: tangi la lita 10 na la lita 40 hulisha injini sawasawa, tofauti ni umbali tu. Betri ni tangi na bomba kwa wakati mmoja. Ukubwa wake unaamua gari litakwenda kilomita ngapi, na pia linaweza kuvuta kwa nguvu gani sasa hivi. Ukiipunguza, umepunguza vyote viwili, hata kama mota iliyofungwa ingeweza kuvuta lori.

Tuchukue Volkswagen Beetle ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 yenye injini ya 1600. Injini hiyo ilitoa farasi 50, yaani kilowati 37, na gari tupu lilikuwa na kilo kama 820. Ukishaligeuza na kupakia watu wawili, weka hesabu ya kilo 1,050. Umbo lake la mviringo linadanganya, maana kwenye upepo Beetle ni gari zito kulisukuma.

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa barabara tambarare, gari hili linahitaji karibu kilowati 5.4 kutoka kwenye betri, ukihesabu pia kinachopotea kwenye mota, giaboksi na kontrola, kile kifaa kinachoamua mota ipate umeme kiasi gani. Kwa kilomita 90 linahitaji 13.4. Kwa kilomita 110 linafika 22. Ukipanda mlima wa asilimia 6 kwa kilomita 60, weka 17.5. Ona mambo mawili hapo. Kwanza, gari halihitaji farasi 120 kwa safari yoyote ya kawaida. Pili, upepo ndio adui, kwa sababu kutoka 90 kwenda 110 kwa saa ni ongezeko dogo la mwendo lakini betri inatozwa zaidi ya nusu ya ziada.

Gawa kilowati kwa mwendo, unapata matumizi kwa kilomita: wati-saa 90 hivi kwa mwendo wa 60, wati-saa 149 kwa mwendo wa 90, na 200 kwa mwendo wa 110. Mtu anayechanganya mjini na barabara kuu aweke 130. Kama anataka kilomita 80 kwa siku bila kuchaji njiani, anahitaji kilowati-saa 10.4. Betri haimalizwi mpaka chini, kwa hiyo gawa kwa 0.8, unapata 13. Betri huzeeka, kwa hiyo gawa tena kwa 0.8, unafika kilowati-saa 16 na kidogo. Hiyo ndiyo pakiti yako, na ilipatikana kabla mota haijatajwa.

Sasa tuijenge. Moduli za Nissan Leaf za 2011 na 2012, zile za pakiti ya kilowati-saa 24, ni chaguo zuri kwa Beetle kwa sababu ni bapa na zinapangika kirahisi. Pakiti nzima ina moduli 48, kila moja na kilo 3.8 na kilowati-saa nusu ikiwa mpya. Iliyobaki na afya ya asilimia 80 inashika 0.4. Moduli 42 zinakupa karibu 16.8, kwa kilo 160. Zifunge tatu tatu sambamba, kisha mafungu 14 hayo yafuatane. Kila moduli ina hatua mbili za seli zinazofuatana ndani yake, kwa hiyo unapata hatua 28 na volti kama 105 za wastani, 118 zikijaa kabisa. Moduli ya Leaf ina vituo vitatu, cha katikati kikiwa cha kupimia. Kwenye kila fungu unganisha na vile vya katikati pia, la sivyo BMS, kifaa kinachopima seli na kuilinda betri, itasoma moduli moja na kudhani imesoma tatu. Na kabla ya kuunganisha sambamba, hakikisha volti zao zinalingana, maana iliyojaa itamwaga umeme kwa iliyopungua bila simile.

Moduli iliyotumika namna hii haipendi kuvutwa ampea 200 mara kwa mara. Chukua 130 hivi kwa kila moja. Tatu sambamba zinakupa karibu ampea 400, na volti zikishazama kwa mzigo hadi 95, hizo ni kilowati 38. Sawa na injini aliyozaliwa nayo gari, na zinapatikana tangu mzunguko wa chini.

Yule ndugu wa farasi 120 mara nyingi ananunua moduli 14 "za kuanzia". Volti ni zilezile, kwa hiyo gari linawaka na anafurahi. Lakini sasa ana kilowati-saa 5.6 na ampea 130, yaani kilowati 12 na kidogo. Haifiki hata 13.4 za kushika mwendo wa 90 kwenye tambarare, na mlima wa asilimia 6 lazima aupande akijikokota. Akiiachia kontrola ivute ampea 400 kutoka kwenye mstari mmoja, moduli zinapata joto, volti zinaporomoka, kontrola inakata nguvu katikati ya barabara, na baada ya miezi michache seli zinavimba. Hapo lawama zote anabebeshwa mota.

Dhana: kontrola ya ampea 650 itavuta ampea 650 kwenye betri

Hii ni binti wa ile ya kwanza, na inatisha watu kinyume chake: wananunua kontrola ndogo wakidhani wanalinda betri. Ampea zilizoandikwa kwenye kontrola ni za upande wa mota. Gari likianza kuondoka, mota inahitaji ampea nyingi kwa volti chache. Ampea 500 kwa volti 20 ni kilowati 10, na kilowati 10 hizo kwenye betri ya volti 100 ni ampea 100 na ushee. Kontrola inashusha volti na kuongeza ampea, ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo ampea za kontrola zinakupa nguvu ya kuzungusha, yaani gari linavyong'oka kwenye taa na kupanda kilima kwa mwendo mdogo. Ampea za betri zinakupa kilowati, yaani mwendo. Kontrola ya heshima ina mipangilio miwili tofauti, na ule wa betri usiuache ulivyotoka kiwandani. Kwa pakiti yetu, weka kikomo cha betri ampea 400, anza kupunguza nguvu volti zikishuka hadi 90, kata kabisa kwenye 84, ambayo ni volti 3 kwa kila seli. Fyuzi kuu iwe ya ampea 500, ya umeme wa DC, yenye volti 150 au zaidi. Fyuzi ya AC ikikatika kwenye DC cheche haizimiki, inaendelea kuwaka ndani.

Hakikisha pia kikomo cha juu cha volti. Kontrola ya Curtis 1238 ya daraja la volti 96 inavumilia hadi 130, na pakiti ya hatua 28 ikijaa ina 118, kwa hiyo mko salama. Ukiongeza hatua nne "kwa ajili ya spidi" unafika 134 na unaua kontrola siku ya kwanza ya kuijaza pakiti.

Baada ya hapo ndipo uchague mota. Inayofungwa na kontrola hiyo, HPEVS AC-50, ina kilo kama 52 na inafaa Beetle vizuri. Ukisoma karatasi ya mota yoyote, tafuta nguvu ya kudumu, ile inayoweza kutoa saa nzima bila kuungua. Farasi wa kwenye tangazo ni wa kilele, cha dakika moja au mbili. Beetle letu kwenye ule mlima linadai kilowati 16 kwenye shafti, kwa hiyo mota ya kudumu ya 16 hadi 20 inatosha kabisa.

Dhana: giaboksi haihitajiki tena

Kwenye gari lililobuniwa kwa umeme, sawa. Kwenye Beetle ya volti 100, acha giaboksi mahali pake. Mjini utatumia gia ya pili na ya tatu tu. Ila kumbuka mota inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu mzunguko sifuri, na giaboksi hiyo ilitengenezwa kwa injini ya Nm 106. Punguza ampea za mota kwenye programu, na usiondoke kwa gia ya kwanza ukiwa umekanyaga mpaka mwisho.

Dhana: altaneta kwenye gurudumu itachaji betri gari likitembea

Hapana. Altaneta inalizuia gurudumu, na mota inalipa kizuizi hicho kwa umeme mwingi kuliko unaorudi. Umeme wa bure unapatikana kwenye kufunga breki na kushuka mlima, na mota ya AC inaurudisha yenyewe bila kifaa cha ziada.

Dhana: betri za sola za asidi ni zilezile, tena bei nafuu

Betri ya volti 12 na Ah 200 ina kilo karibu 60, na hizo Ah 200 zinapatikana ukiimaliza kwa saa 20. Ukiimaliza kwa saa moja, kama gari linavyofanya, unapata nusu na kidogo. Nane zake ni kilo 480, mzigo ambao Beetle haikuumbiwa, na mwaka haujaisha unarudi dukani.

Dhana: moduli za mtumba ukipima volti zikilingana, ni nzima

Volti za kupumzika hazisemi kitu. Pima kwa mzigo. Ivute moduli moja ampea 100 kwa sekunde 10 na usome kila jozi ya seli: jozi nzima ya Leaf inashuka karibu volti 0.1. Inayoshuka 0.2 iweke kando, hata kama mwanzoni ilisoma sawa na wenzake, kwa sababu kwenye mlima ndiyo itakayofika volti 3 kwanza, na BMS itazima gari lote kwa ajili yake wakati moduli nyingine bado zina nusu ya chaji. Fanya kipimo hiki kwa zote 42 kabla ya kufunga boliti yoyote.