Hotuba ya Maonyesho ya Sayansi: Intaneti Inavyosafiri kama Mwanga Ndani ya Uzi wa Kioo

Walimu wetu, wazazi, na wanafunzi wenzangu, habari za asubuhi.

Tuanze na herufi moja. Ukiandika A kubwa kwenye simu na kuituma, kinachosafiri si umbo la herufi hiyo. Zinasafiri tarakimu nane, 01000001, na kila tarakimu huitwa biti. Biti hizo hufika kwenye mtambo zikiwa katika hali ya umeme, na hapo hukutana na leza ndogo sana. Ikija 1, leza inang'aa kwa nguvu. Ikija 0, inafifia. Haizimwi kabisa, kwa sababu leza iliyozimika huchelewa kuwaka tena, na kwa kasi hii hakuna nafasi ya kuchelewa. Mwanga huo husafiri ndani ya uzi wa kioo uitwao faiba, na mwisho wa safari kuna kifaa kiitwacho fotodiodi, ambacho kikipigwa na mwanga hutoa umeme. Mwanga mwingi husomwa kama 1 na mwanga hafifu kama 0, na herufi A inarudi kama ilivyoandikwa.

Katika ombwe mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya kioo mwendo wake hushuka hadi takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Chukua laini inayobeba biti bilioni moja kila sekunde. Kila biti inapata sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na katika muda huo mwanga unasogea sentimita 20. Maana yake biti moja ikiwa njiani imelala juu ya sentimita 20 za kioo, na herufi yetu A, yenye biti nane, ina urefu wa mita 1 na sentimita 60.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Husemwa kwamba faiba ina kasi kwa sababu mwanga unauacha umeme nyuma. Si kweli. Mawimbi ya umeme kwenye waya mzuri wa shaba husafiri kwa mwendo unaokaribiana na huo, na katika baadhi ya waya huuzidi. Faida ya kioo ni kwamba unaweza kuwasha na kufifisha mwanga mara nyingi mno kwa sekunde, na alama hizo zikafika mbali zikiwa bado zinasomeka. Kwenye shaba, kadiri unavyoongeza idadi ya alama kwa sekunde ndivyo zinavyofifia mapema.

Swali kubwa ni hili: mwanga hunyooka, lakini nyaya hupinda. Unabakije ndani?

Jibu liko kwenye chupa hii iliyo mezani. Ni chupa ya plastiki angavu ya lita moja na nusu, yenye tundu la milimita 5 ubavuni, sentimita 5 kutoka kwenye kitako. Tundu limezibwa kwa utepe na chupa imejazwa maji yenye matone mawili ya maziwa, ili njia ya mwanga ionekane. Upande wa pili, mkabala na tundu, tumeweka tochi ya leza isiyozidi milliwati 1, ikiangalia tundu moja kwa moja. Mfuniko uko wazi ili hewa iingie, la sivyo maji yatatoka kwa kukatika-katika. Sasa taa zizimwe na utepe uondolewe. Maji yanatoka yakijipinda kuelekea kwenye beseni, na mwanga unajipinda nayo.

Mwanga wenyewe haujapinda. Unakwenda kwa mistari mifupi iliyonyooka, ukigonga ukingo wa maji na kurudishwa ndani, kisha ukigonga tena. Mwanga unapotoka kwenye maji kuingia hewani huwa unakengeuka. Ila ukigonga ukingo kwa kuulalia sana, yaani kwa pembe inayozidi nyuzi 49 hivi kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya ukingo huo, hauwezi kutoka kabisa. Wote unarudi ndani. Wanafizikia huita hali hii uakisi kamili wa ndani, na hizo nyuzi 49 ndizo pembe kikomo ya maji na hewa.

Mtakaojaribu nyumbani, angalieni mambo mawili. Tundu lenye kingo chakavu huchana mkondo wa maji, na mwanga hutawanyika palepale. Pili, maji yakipungua kwenye chupa, mkondo hutoka bila nguvu na kujipinda kwa ghafla zaidi; hapo mtaona sehemu ya kona iking'aa kwa nje, kwa sababu mwanga unavuja. Shikeni hilo la kona, tutalirudia. Na leza isielekezwe machoni pa mtu, hata kwa mzaha.

Uzi wa faiba hufanya kazi hiyo hiyo kwa kioo badala ya maji. Ukivua plastiki yake unabaki na kioo chenye kipenyo cha mikromita 125, yaani sehemu moja ya nane ya milimita, unene unaokaribiana na wa unywele. Mwanga hautumii kioo chote hicho. Unapita kwenye kiini cha katikati, chenye upana wa mikromita 9 tu katika nyuzi za masafa marefu. Sehemu inayokizunguka, tuiite ganda, nayo ni kioo. Kiini huongezewa kidogo madini ya jemani, na hivyo mwanga ndani yake huenda polepole kidogo kuliko ndani ya ganda. Tofauti hiyo haifiki asilimia 1, lakini inatosha kuufanya mpaka wa kiini na ganda uakisi mwanga, mradi mwanga uende karibu sambamba na uzi, kwa pembe isiyozidi nyuzi 5 hivi. Kwa kiini chembamba namna hii hesabu kamili hufanywa kwa mawimbi, si kwa miale, lakini picha ya miale inatufikisha mbali.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusitumie uzi wa kioo mtupu, hewa ikawa ndiyo ganda. Kingeweza kubeba mwanga, ila kila kitu kitakachogusa kioo, iwe ni kidole chenye unyevu, vumbi, au uzi wa jirani, kingefungua mlango wa mwanga kutoka. Ganda linaufukia mpaka huo ndani ya kioo chenyewe, mahali ambapo hakuna kinachoweza kuugusa. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya busara kuliko zote katika ubunifu huu.

Kubaki ndani ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutofifia. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba kilichokuwa kikiua mwanga kwenye kioo ni uchafu uliochanganyika nacho, hasa metali kama chuma, na kwamba kioo safi kingeweza kubeba mawasiliano. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ilipata uzi ambao, baada ya kilomita moja, ulibakiza takriban asilimia 2 ya mwanga. Yalikuwa mafanikio makubwa. Uzi wa leo hubakiza zaidi ya asilimia 95 kwa umbali huo huo, na mwanga hupungua kwa nusu kila kilomita 15 hivi. Fanyeni hesabu: kilomita 15 nusu, 30 robo, 45 moja ya nane, 60 moja ya kumi na sita. Ndiyo maana kwenye mikongo ya chini ya bahari huwekwa vikuza mwanga kila baada ya makumi ya kilomita.

Upungufu huo mdogo hupatikana kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1550, ambao jicho halioni. Kwa hiyo usichungulie ncha ya faiba eti kuangalia kama ina mwanga. Hutaona kitu, na leza inaweza kuliumiza jicho lako bila wewe kuhisi.

Sasa turudi kwenye ile kona ya maji. Faiba ikikunjwa sana, mwanga hugonga mpaka kwa pembe mbaya na kuvuja hadi kwenye plastiki. Uzi wa kawaida ukikunjwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 30 hauna shida. Ukiubana kwenye kona ya mlango au ukaukaza kwa kamba, mwanga unapotea ingawa kioo hakijavunjika. Kasoro nyingine ya kila siku ni vumbi kwenye plagi. Chembe ya mikromita 9 huioni kwa macho, lakini inatosha kukiziba kiini chote. Ndiyo maana fundi husafisha ncha ya plagi kila anapoichomeka, hata kama imetoka kwenye mfuko mpya.

Laini ikikatika ardhini, fundi hachimbi njia nzima. Anapeleka pigo fupi la mwanga kwenye uzi na kupima muda hadi mwangwi urudi kutoka mahali palipokatika. Tuseme mwangwi umerudi baada ya sehemu 60 za milioni ya sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 200,000 kwa sekunde, mwanga umetembea kilomita 12. Hizo ni za kwenda na kurudi, kwa hiyo kasoro iko kilomita 6 kutoka alipo. Lakini ni kilomita 6 za uzi, si za barabara. Kwenye mashimo ya kuungia huachwa mizunguko ya akiba, na ndani ya mkongo nyuzi huwa ndefu kidogo kuliko mkongo wenyewe. Fundi asiyekumbuka kutoa akiba hiyo atachimba akiwa amekwisha kupapita.

Akipapata anavua plastiki, anafuta kioo kwa spiriti safi, kisha anakikata kwa kisu maalumu kinachoacha uso ulionyooka. Ncha mbili huingizwa kwenye mashine inayozilinganisha kiini kwa kiini, na cheche ya umeme inaziyeyusha zikawa kioo kimoja. Kiungo kizuri hupoteza chini ya asilimia 2 ya mwanga. Kikipoteza zaidi, mara nyingi ukataji ulikuwa mbaya au palibaki vumbi, na dawa ni kukata na kuunga upya, halafu kupeleka lile pigo la mwanga kwa mara nyingine na kuhakikisha mwangwi wa kilomita 6 haupo tena.

Asanteni. Chupa imejazwa upya, na kipande cha faiba kiko mezani pamoja na kioo cha kukuzia.