Kurusha visu na mashoka: mambo yanayosemwa na yanayotokea kweli hewani

Kisu kikinasa kwenye ubao, watazamaji husifu shabaha. Shabaha ni jambo la mwisho. Kabla yake kuna swali moja tu: kisu kilipofika, ncha ilikuwa inaelekea wapi? Kisu na shoka huzunguka njia nzima, na ncha au makali hutazama mbele kwa muda mfupi tu katika kila mzunguko. Umbali uliosimama ndio unaoamua kama muda huo utakutana na ubao. Dhana potofu nyingi za mchezo huu zinatokana na kulisahau hilo.

"Ukirusha kwa nguvu zaidi, kitazunguka mara nyingi zaidi"

Hii ndiyo dhana inayowapotosha wengi, kwa sababu inaonekana kuwa na mantiki. Lakini mwendo wa kwenda mbele na mwendo wa kuzunguka vyote vinatoka kwenye mzungusho uleule wa mkono. Ukiongeza kimoja, kingine nacho kinapanda kwa kiwango kilekile.

Tuchukue mrushaji ambaye kisu chake huchora duara lenye nusu kipenyo cha mita 0.5, tangu kiungo kinachobeba mzungusho hadi kwenye kitovu cha uzito cha kisu. Akirusha kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, kisu kinazunguka kama mara 3.2 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.31, na ndani ya muda huo kisu kimesonga mbele mita 3.1. Sasa aongeze nguvu hadi mita 14 kwa sekunde. Kisu kitazunguka kama mara 4.5 kwa sekunde, mzunguko utaisha kwa sekunde 0.22, na umbali uliokwenda utakuwa mita 3.1 vilevile. Ni mzingo wa lile duara: mara mbili ya pai, mara nusu kipenyo. Mwendo haumo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Mbona basi anayekaza mkono hukosa? Kwa sababu akitumia nguvu hukunja kifundo cha mkono mwishoni, kama anayechapa fimbo. Mchapo huo unaongeza mzunguko bila kuongeza mwendo wa mbele, na hesabu yote inavurugika. Ndiyo maana wanaofundisha husisitiza kifundo kikae kimya na mkono uachie kwa ulaini, kisu kiteleze chenyewe kutoka vidoleni.

Kwenye shoka unaweza kulichezea duara hilo kwa makusudi. Ukishika mpini sentimita 3 juu zaidi, karibu na kichwa, nusu kipenyo kinapungua kwa kiasi hicho, na kila mzunguko unafupika kwa karibu sentimita 19. Ukishuka chini kwenye mpini, shoka linazunguka polepole zaidi.

"Kimedunda, basi umerusha vibaya"

Huenda umerusha vizuri sana, ila umesimama pasipo pako. Kabla ya kubadilisha chochote mkononi, tazama kilivyogonga.

Katika urushaji wa kawaida wa kupitisha mkono juu ya bega, ncha ya kisu hushuka kutoka juu kuja mbele kinapomalizia mzunguko. Kwa hiyo kisu kilichonasa huku mpini umeinama chini na ncha inatazama juu hakijamaliza mzunguko: rudi nyuma. Mpini ukiwa umeinuka na ncha inatazama chini, kimepitiliza: sogea mbele. Sheria hiyo haibadiliki, uwe umeshika mpini au ubapa.

Kwa shoka, sikiliza na utazame kilichotangulia kugonga. Mwisho wa mpini ukigonga kabla ya makali, mzunguko haujatimia, rudi nyuma. Sehemu ya juu ya kichwa ikitangulia huku mpini umeelekea kwako, limepitiliza, songa mbele. Shoka lililonasa vizuri huzamisha kwanza kona ya juu ya makali.

Usogee kiasi gani? Ikiwa mzunguko wako ni kama mita 3, kila nyuzi 30 za kosa ni sentimita 25 za sakafu. Kisu kikinasa mpini umeinuka nyuzi 45 hivi, sogea mbele kama sentimita 37, ambayo ni hatua fupi tu. Rusha mara tano bila kubadilisha kitu. Vyote vikija na pembe moja, weka alama ya chaki pale kisigino kilipo. Vikija kila kimoja na pembe yake, tatizo si umbali, ni namna mkono unavyoachia, na kusogea hakutasaidia.

Ndiyo maana pia mistari ya mashindano haikuwekwa kiholela. Mchezo wa shoka unaochezwa sasa kwenye kumbi ulianzia Toronto mwaka 2006, na mstari wa kishoka katika ligi kubwa uko futi 12 kutoka kwenye ubao, yaani kama mita 3.66. Hapo watu wazima wengi hutimiza mzunguko mmoja. Mrefu mwenye mkono mrefu anaweza kulazimika kusimama nyuma kidogo ya mstari, na hilo si kosa.

"Kisu lazima kiwe na mlingano wa uzito katikati kabisa"

Si lazima. Kitu chochote kilichorushwa, hata bisibisi, huzunguka kwenye kitovu chake cha uzito, popote kilipo. Kiweke juu ya kidole na utakiona. Faida ya kisu chenye kitovu katikati ni kwamba kinatenda vilevile ukishika mpini au ukishika ubapa. Hilo lina maana kwa sababu mpini hushikwa kwa mizunguko kamili, na ubapa hushikwa kwa nusu mzunguko au mmoja na nusu. Kisu kizito mbele kinanasa vizuri tu, ila kila mshiko utakuwa na alama yake ya chaki.

Shoka lenyewe ni ushahidi: uzito wake karibu wote uko upande mmoja, na bado wanaoanza hulinasisha kwa urahisi kuliko kisu, kwani makali yake mapana husamehe pembe.

Wazande wa kaskazini mwa Kongo walilijibu tatizo la ncha kufika ikitazama kusiko kwa njia nyingine. Kpinga, kisu chao cha kurusha, kina mabapa kadhaa yaliyochomoza pande tofauti. Kikizunguka, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba moja litatangulia, na mrushaji hahitaji kupima umbali kwa sentimita.

"Kiwe kikali kama wembe"

Makali ya kisu cha kurusha huachwa butu, maana ndiyo unayoyashika. Ncha pekee ndiyo huchongwa. Kisu cha jikoni hakifai hata kikiwa na ncha nzuri: chuma chake ni kigumu, na kigumu huvunjika kikigonga ubavu. Cha kurusha hufanywa laini zaidi ili kipinde, na uzito wa gramu 200 hadi 300 humtosha anayeanza. Baada ya kila zamu pitisha tupa kwenye vijino vilivyojitokeza, la sivyo vitakuchana kidole wakati wa kuachia.

Pembe ikiwa sahihi na bado kinadunda, chunguza ubao. Mbao laini kama msonobari zikikauka huwa ngumu na husukuma chuma kirudi kwa mrushaji, kwa hiyo kwenye kumbi hunyunyiziwa maji. Watazamaji wakae nyuma ya mrushaji, si ubavuni mwa ubao.